Tupeane uzoefu: namba ni ya kweli, ila kwenye hotuba imekaa pasipo pake

Mwandishi_Makole

Habari za jioni wakuu. Mi niko hapa Dodoma, kazi yangu ni kuandaa hotuba na taarifa za bosi. Wiki iliyopita tulikuwa na kongamano la vijana, bosi akasoma nilichoandika neno kwa neno. Ukurasa wa pili niliandika hivi: "Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 na sensa ya 2022 ikahesabu watu 61,741,120, hivyo katika kipindi hicho idadi ya watu nchini imeongezeka kwa asilimia 3.2."

Ile 3.2 sikuitunga, niliitoa kwenye ripoti ya sensa yenyewe, nikatiki kwamba nimeihakiki. Muda wa maswali akasimama binti wa chuo, kwa heshima kabisa, akauliza shikamoo mheshimiwa, kutoka milioni 44 mpaka milioni 61 inakuwaje asilimia 3 tu? Ukumbi ukanyamaza. Bosi akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, na mimi pale nilipokaa nikaona kosa ndani ya sekunde moja: 3.2 ni ongezeko la kila mwaka, sio la miaka yote 10. Watu walioongezeka ni 16,812,197, ukigawa kwa wale wa 2012 unapata asilimia 37.4. Na kopi za waandishi wa habari zilishagawiwa mlangoni tangu asubuhi.

Imeniuma sana kwa sababu namba nilikuwa nimeiangalia. Sikuangalia ile namba inasema nini hasa. Mliopitia haya, kwenye takwimu, tarehe au vyeo vya watu, tupeane uzoefu, mnahakiki vipi?

Kijana_wa_Nkuhungu

Pole sana kaka. Ila hata hiyo 3.2 mi naona ina mushkeli. Chukua 37.4 gawa kwa miaka 10 unapata 3.74, sio 3.2. Kwa hiyo hata ungeandika "kwa mwaka" bado ungekuwa umekosea, labda waliochapa ripoti ndo walikosea, nami ningeandika 3.7 nijitetee kwa kalkuleta.

Mzee_wa_Rasimu

Kijana uko sahihi kwamba ni lazima upige hesabu mwenyewe, wengi hawafanyi hivyo. Ila kugawa kwa 10 hapo haifai. Watu wa mwaka wa pili wanaongezeka juu ya wale walioongezeka mwaka wa kwanza, kama mifugo, ndama wa juzi leo naye anazaa. Chukua kalkuleta ya simu uandike 44,928,923 uzidishe kwa 1.032, jibu lizidishe tena kwa 1.032, ufanye hivyo mara 10. Utafika kwenye milioni 61 na laki 5 na ushee, karibu kabisa na hesabu ya sensa, na kile kidogo kilichobaki ni kwa sababu 3.2 imefupishwa desimali. Ripoti haina kosa. Ukiandika 3.7 utakuwa umeacha kosa moja ukaenda kwenye lingine.

Mleta mada, nimeandika hotuba za watu zaidi ya miaka 20 na ninachokifanya ni hiki. Rasimu naiprinti yenye nafasi pana kati ya mistari, nachukua peni nyekundu, nazungushia kila tarakimu, kila tarehe, kila jina na cheo. Pembeni ya kila duara naandika imetoka wapi, ripoti gani ukurasa wa ngapi. Halafu nafungua ukurasa wenyewe na nasoma kichwa cha jedwali kabla ya kusoma namba. Hapo ndo ungeiona 3.2 yako imeandikwa ni wastani wa kila mwaka. Pidiefu ina shida moja, ukitafuta "3.2" inakurusha moja kwa moja kwenye namba, kichwa cha jedwali kimebaki juu huko hukioni.

Na angalia sana neno "zaidi ya". Ukiandika "zaidi ya watu milioni 61.7" uko salama. Bosi akisema tufupishe iwe milioni 62, sawa, ila "zaidi ya" lazima itoke iwe "takriban", maana 62 hatujafika. Hilo nimelikuta kwenye rasimu nyingi sana, namba imepandishwa na "zaidi ya" imeachwa palepale.

Mama_Kizota

Sijui kama ndo mnachouliza ila yangu ni ya msibani. Baba mkubwa alifariki tukaambiwa tuandike wasifu wa marehemu usomwe kanisani. Kitambulisho cha NIDA kina mwaka mmoja wa kuzaliwa, daftari la ubatizo parokiani lina mwaka mwingine, nyuma kwa miaka 3, na shangazi anasema alizaliwa kipindi cha njaa lakini haijui ni njaa ipi. Mwandishi wa ukoo akachukua mwaka wa NIDA, fundi wa msalaba akapewa mwaka wa ubatizo. Siku ya maziko watu wanasikia umri huu, wanasoma msalabani umri mwingine. Wajukuu wanaulizana mpaka leo. Ninyi mngechukua upi?

Mzee_wa_Rasimu

Pole mama. Mimi ningelifuata daftari la parokia maana liliandikwa karibu na tukio, kitambulisho kimeandikwa uzeeni kwa kumbukumbu. Ila kama alibatizwa mkubwa basi na lenyewe ni kumbukumbu tu. Angalia kama tarehe ya ubatizo na ya kuzaliwa zimekaribiana.

Mama_Kizota

Alibatizwa akiwa anachunga tayari. Basi ndo hivyo.

Mgogo_Halisi

Mi naomba nizungumzie tarehe za hapa kwetu, zinachanganywa mpaka inakera. Niliwahi kuletewa rasimu ya kusoma kwenye maadhimisho ya shule, imeandikwa "tangu Dodoma ilipokuwa jiji mwaka 1973". Hapana jamani. 1973 ni uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma na ndio mwaka CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ilipoanzishwa. Kuwa jiji ni 26 Aprili 2018, kwenye sherehe za Muungano zilizofanyika hapahapa. Na CDA yenyewe ilishavunjwa Mei 2017, lakini bado unakuta hotuba inaishukuru kama ipo. Mwaka uko sahihi, tukio liko sahihi, vimeozeshwa tu visivyooana.

Na mwingine atakuandikia "wakazi milioni 3 wa Jiji la Dodoma". Ile 3,085,625 ya sensa ya 2022 ni mkoa mzima, kuanzia Kondoa mpaka Mpwapwa. Halafu kuna wilaya na halmashauri: mkoa una wilaya 7 ila halmashauri 8, kwa sababu Kondoa zipo mbili, ya wilaya na ya mji. Ukiandika "wakurugenzi wa wilaya zote 7" kuna mkurugenzi mmoja kakaa mbele hajatajwa, na anajua.

Binti_wa_Itifaki

Hapo kwenye kutajwa ndo kwangu. Mi nashughulika na ile orodha ya utangulizi, wale mnaowasikia wanatajwa dakika 5 kabla hotuba haijaanza. Kuna siku tulimaliza kila kitu saa 12 jioni, rasimu ikasainiwa, tukaenda nyumbani. Usiku mkeka ukatoka. Mkuu wa Wilaya aliyekuwa kwenye orodha kahamishwa, aliyeteuliwa bado hajaapishwa. Asubuhi hakuna aliyeifungua orodha upya, mgeni rasmi akamsalimia kwa jina mtu ambaye hayupo ukumbini, na aliyekuja kumwakilisha, ambaye ni Katibu Tawala, kakaa anasikiliza. Mshereheshaji ikabidi ainuke arekebishe.

Tangu siku ile orodha ya majina naifunga asubuhi ya tukio, sio jana yake. Napiga simu kwa katibu muhtasi wa kila ofisi, namuuliza vitu vitatu tu: anakuja yeye au mwakilishi, jina linaandikwaje, na cheo ni kamili au ni kaimu. Kaimu ndo wanasahaulika zaidi. Na mambo ya Dokta, Mhandisi, Profesa, Balozi siyachukui kwenye wasap wala bango la mkutano uliopita, nauliza ofisini kwake.

Dereva_Ipagala

Kwa hiyo yale majina marefu tunayosikilizaga juani ndo mnayahakiki? Mngeyapunguza basi, wazee wetu wanachoka.

Binti_wa_Itifaki

Kweli mkuu, na ikipunguzwa makosa yanapungua pia. Ila mi sina mamlaka ya kumtoa mtu kwenye orodha.

Kijana_wa_Nkuhungu

Nimepiga ile hesabu mara 10, imetoka 61.56, nimekubali mzee. Nami niongeze moja, treni ya SGR ya Dar hadi Dodoma. Kuna rasimu ilisema imeanza 1 Agosti 2024, nikabishana na mwenzangu yeye anasema 25 Julai. Kumbe tulikuwa sahihi wote, 25 Julai ilianza kubeba abiria na 1 Agosti Rais akaizindua rasmi. Kwa hiyo sasa naangalia kitenzi, "ilianza" na "ilizinduliwa" kila moja ina tarehe yake.

Mzee_wa_Rasimu

Umesema vizuri. Tena niongezee, kagua mara ya mwisho kwenye karatasi ileile itakayopanda jukwaani. Rasimu yangu moja ilikuwa safi kabisa, mkubwa akaongeza aya moja kwenye toleo la zamani akiwa safarini, wakaprinti lile la zamani, makosa yote niliyoyafuta yakarudi. Na namba ndefu andika vile inavyotamkwa. 61,741,120 mbele ya maiki inamkwamisha mtu, andika "milioni 61, laki 7, elfu 41 na 120".

Mwandishi_Makole

Asanteni sana, nimeshaprinti na peni nyekundu nimenunua. Sasa nina swali lililobaki. Hotuba inatakiwa iwekwe kwenye tovuti ya ofisi. Niweke kama ilivyosomwa na 3.2 yake, au nirekebishe kimyakimya iwe 37.4?

Mzee_wa_Rasimu

Iache kama ilivyosomwa, chini yake uandike sahihisho na tarehe uliyosahihisha. Watu walirekodi, kopi zipo mikononi mwa waandishi. Ukibadili kimya zitakuwepo hotuba mbili.

Binti_wa_Itifaki

Mzee nakuheshimu ila ofisi nyingi hazitakubali sahihisho liandikwe wazi, ataonekana bosi kakosea wakati aliyekosea ni mwandishi. Mi ningerekebisha, maandishi ndo yatakayonukuliwa na wanafunzi miaka ijayo, heri wanukuu kilicho sahihi.

Mgogo_Halisi

Na yule binti aliyeuliza? Yeye ndo atakayefungua tovuti wa kwanza. Mi niko na mzee.

Mwandishi_Makole

Nimeandaa zote mbili, moja ina sahihisho chini na nyingine imerekebishwa ndani. Kesho saa 2 asubuhi naingia nazo kwa bosi, na ile karatasi aliyosoma siku ile, nimezungushia 3.2 kwa nyekundu na pembeni nimeandika ukurasa wa ripoti. Nitawaambia amesemaje.