Naomba ushauri: nimeitwa usaili siku ambayo siwezi kutoka kazini

Habari zenu wakuu. Mimi ni mhasibu hapa Dar, bado nimeajiriwa. Jana jioni kampuni nyingine iliniandikia barua pepe kuniita kwenye usaili tarehe 7, saa 4 asubuhi. Siku hiyo ndiyo mwisho wa kuwasilisha TRA kodi ya mishahara ya mwezi uliopita, na kazi hiyo naifanya peke yangu. Kusingizia ugonjwa sitaki kabisa. Nikichelewesha, adhabu inamwangukia mwajiri wangu.

Nimeandaa jibu hili, bado sijalituma:

"Nashukuru kwa kunialika, na nafasi hii bado naihitaji. Tarehe 7 saa 4 nina jukumu la kazi lisiloahirishika. Naomba, ikiwezekana, tukutane tarehe 8 saa 2 asubuhi au tarehe 9 saa 11 jioni. Naomba pia mwajiri wangu wa sasa asipigiwe simu kwa hatua hii."

Nimetoa nafasi mbili ili wasione nawapangia. Kinachonitia wasiwasi ni sentensi ya mwisho: niiache humo, au nisubiri mpaka waulize wadhamini? Na je, nitangulize simu kwa afisa utumishi kabla ya kutuma? Wanataka jibu kesho mchana.