Ushauri: Malindi hadi Lamu Ijumaa, nifike kabla ya giza na bibi mgonjwa

Mjomba_Maweni
Assalam alaikum wanajamvi. Ijumaa hii nina safari ya Malindi kwenda Lamu, harusini. Gari ni Noah ya kukodi, tuko saba pamoja na bibi yetu mzee anayemeza dawa ya presha ile ya kukojoza. Mpango wangu ni kuondoka saa saba mchana baada ya swala ya Ijumaa. Swali langu ni moja tu: wapi pazuri pa kumteremsha bibi ajisaidie, na tutafika Mokowe kabla jua halijazama? Nimeulizia watu mtaani, kila mmoja ana saa zake. Silali vizuri, wallahi.

Kijana_wa_Gongoni
Saa tatu tu mjomba. Kilomita kama 220 na kutoka Minjila ni lami safi. Saa kumi mko jeti mnakunywa madafu. Watu wanatishana bure siku hizi.

Mama_Mahamri
Bibi asimeze dawa siku hiyo. Mimi mama yangu nilimfanyia hivyo tulipokwenda Kilifi, hakusumbua hata mara moja.

Binti_Shela
Mimi nataka kuuliza begi za bibi harusi mumezipakia vipi? Kwa dada yangu tulizifunga na riboni, maua na karatasi ya kung'aa, zikapendeza. Tulipofika kizuizi cha kwanza askari akasema fungua. Ikakatwa riboni, vikatolewa vitenge, udi na nguo za ndani, vikatandazwa juu ya boneti mbele ya basi zima la watu. Mama alijifunika buibui uso wote. Safari hii funguo ziwe mfukoni mwa mtu anayejulikana, na mapambo mfunge mkishafika Lamu.

Lori_la_Miraa
Kijana wa Gongoni, saa tatu ni za gari inayotembea. Kwenye njia hii gari inasimama zaidi ya inavyotembea. Nimeipita sana kwa lori na kwa gari ndogo, basi mjomba tuhesabu pamoja.

Umeondoka saa saba. Malindi hadi Minjila ni kama kilomita 110, na kuna vijiji, matuta na ng'ombe. Bila papara ni saa mbili na robo, kwa hiyo saa tisa na robo uko Minjila. Hapo mnakaguliwa, bibi anaenda choo cha kituo cha mafuta, inakuwa saa kumi kasoro robo. Mbele kidogo ni Gamba, abiria mnashuka tena na vitambulisho mkononi, mnatoka saa kumi na robo. Witu mnafika saa kumi na moja. Ukaguzi, choo, dakika ishirini zimekwenda. Kutoka Witu hadi Mokowe, ukiongeza kusimama Hindi, weka saa moja na robo. Hiyo ni saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, na hapo sijakuwekea hata dakika moja ya kungoja msafara wa polisi.

Novemba jua la Lamu huzama mapema, kama saa kumi na mbili na dakika saba. Ingekuwa Februari ungepata karibu nusu saa zaidi. Na huku kwetu likishazama, giza haliji polepole.

Mjomba_Maweni
Ahsante lakini umehesabu kwa ubaya sana. Nikikimbia kidogo Malindi hadi Garsen si nitaokoa nusu saa?

Lori_la_Miraa
Ukiokoa nusu saa Garsen utaila kwenye foleni ya Gamba. Magari yakishakusanywa yasindikizwe, aliyefika mwanzo na aliyefika mwisho huondoka pamoja. Mwendo wa kasi hausaidii, kinachosaidia ni saa uliyotoka nyumbani.

Hesabu kwa kurudi nyuma. Unataka kuwa Mokowe saa kumi na moja na nusu, mpate nafasi ya kuegesha gari, kushusha mizigo na kupanda boti kungali kweupe. Toa saa tano na dakika thelathini na tano za safari, unapata saa sita mchana kasoro kidogo. Halafu toa saa mbili za akiba kwa msafara au pancha. Mwisho wako wa kutoka Malindi ni saa nne asubuhi. Mimi ningetoka saa moja.

Nesi_wa_Watamu
Mama Mahamri, tafadhali dawa ya presha hairukwi hivi hivi. Mjomba, piga simu kliniki anakotibiwa uulize kama anaweza kuimeza baada ya kufika badala ya asubuhi. Wengine huruhusiwa, wengine hapana, inategemea moyo wake na dawa nyingine anazotumia. Na msimnyime maji njiani eti asikojoe, joto la Novemba ndani ya gari litamwangusha.

Mama_Mahamri
Mama yangu yuko mzima mpaka leo.

Ustadhi_Mkunguni
Mtu anayeanza safari asubuhi ya Ijumaa kabla ya adhuhuri hana dhambi kwa wanazuoni wengi, na msafiri anafupisha na kukusanya swala zake. Sasa ndugu yetu asijifiche nyuma ya swala ya Ijumaa. Kuna sababu nyingine ya saa saba. Sema.

Mjomba_Maweni
Hakuna sababu nyingine ustadhi. Gari nimeshalipia kuanzia saa sita.

Lori_la_Miraa
Gari ya kukodi hubadilishwa saa kwa simu moja. Na hakikisha una karatasi ya kukodishwa yenye jina lako, utaulizwa. Sasa nikuulize mimi: wote saba mna vitambulisho?

Mjomba_Maweni
Sita wanavyo.

Kijana_wa_Gongoni
Huyo wa saba ni mtoto? Mtoto hana shida.

Mjomba_Maweni
Si mtoto. Basi niseme. Wa saba ni mpwa wangu, kapoteza kitambulisho wiki mbili zilizopita. Ana abstrakti ya polisi na picha ya kitambulisho kwenye simu. Kipya kaambiwa aje Ijumaa asubuhi "labda kitakuwa kimefika". Ndiyo maana ya saa saba. Msinishambulie, nimefikiria sana, siwezi kumwacha.

Binti_Shela
Kwa nini asibaki, aje Jumamosi?

Mjomba_Maweni
Hawezi kubaki.

Ustadhi_Mkunguni
Kwa nini?

Mjomba_Maweni
Kwa sababu ndiye bwana harusi.

Kijana_wa_Gongoni
😂😂😂 Mjombaaa

Mama_Mahamri
Ya Rabi.

Chumvi_ya_Kurawa
Haya sasa tuongee ukweli. Hii hadithi ni ya kutunga. Mwanzo tuliambiwa bibi na dawa. Kisha ni gari iliyolipiwa. Sasa bwana harusi hana kitambulisho. Kesho tutaambiwa bibi ndiye bibi harusi. Halafu kadhi atamwandika cheti kwa abstrakti? Mwaka juzi kuna mtu alitutoa machozi humu kwa mke mgonjwa Mpeketoni, kumbe hajawahi hata kuvuka Sabaki. Mie simo.

Mjomba_Maweni
Ndugu yangu nakala za kitambulisho zilipelekwa kwa kadhi kabla hakijapotea. Nikah ni Ijumaa baada ya isha, kadi zimeshagawiwa. Nitunge ili nipate nini? Sijaomba hata senti.

Chumvi_ya_Kurawa
Hujaomba bado.

Nesi_wa_Watamu
Chumvi, hata kama katunga, hesabu ya Lori ni ya kweli na wako watakaoitumia. Mwacheni ajibiwe.

Kijana_wa_Gongoni
Ampandishe ndege bwana harusi, Malindi hadi Manda ni muda mfupi tu.

Binti_Shela
Na uwanjani ataulizwa nini kama si kitambulisho? Fikiria kabla ya kuandika mdogo wangu.

Lori_la_Miraa
Mjomba, ungelisema hili mwanzo tungelikuwa tumeshamaliza. Kuna mambo mawili hapa na wewe umeyafunga kamba moja.

Bibi na wanawake wasingoje karatasi ya mtu. Watoke saa moja asubuhi na dereva unayemwamini. Kwa hesabu ile ile, bila msafara, wako Mokowe saa sita na nusu na kidogo mchana, na wakingojeshwa saa mbili bado ni saa nane na nusu. Bibi ashuke Marereni, Minjila na Witu, hata kama hasikii haja. Baina ya Gamba na Witu, kupita Lango la Simba na Nyongoro, msisimame porini hata kwa dakika. Si mahali pa kuchutama kichakani, na askari wakikuona umesimama watakuja juu.

Bwana harusi ni jambo lingine. Abstrakti halisi, si picha yake, pamoja na nakala ya kitambulisho iliyochapishwa na cheti cha kuzaliwa. Mara nyingi hupita, lakini hushushwa pembeni, anaulizwa kijiji, chifu, baba, na simu inapigwa. Kila kizuizi kinakula muda wake, na kila askari ana siku yake. Siwezi kukuapia. Ndiyo maana mtu huyo ndiye anayefaa kutoka mapema kuliko wote, si kuchelewa kuliko wote.

Mjomba_Maweni
Lakini kitambulisho kikitoka Ijumaa saa tatu tukiwa tayari njiani? Nitakuwa nimemdhalilisha bure.

Lori_la_Miraa
Na kisipotoka? "Labda" ya ofisini si tarehe.

Ustadhi_Mkunguni
Kuna mlango hamjauona. Bwana harusi anaweza kuweka wakili akamkubalia nikah, akiwa Malindi au popote. Mjomba mtu ukawa wakili. Yeye aje Jumamosi na kitambulisho chake, bibi harusi anamngoja kihalali. Wazungumzeni wazee wa upande wa pili leo, si Ijumaa magharibi.

Binti_Shela
Ustadhi, mwanamke amekaa siku saba ndani anasuguliwa liwa, halafu bwana asitokee usiku wake? Mimi ningevunja kioo.

Ustadhi_Mkunguni
Nimesema inajuzu, sijasema atapenda.

Mama_Mahamri
Na mvua je? Mwisho wa 2023 maji yalikata barabara pale Lango la Simba, watu wakalala njiani na watoto.

Lori_la_Miraa
Kweli kabisa mama. Vuli ikinyesha vizuri, hesabu yangu yote haina maana. Alhamisi jioni aulize makondakta wa mabasi yaliyotoka Lamu siku hiyo. Wao ndio wanajua maji yako wapi na msafara unakusanywa saa ngapi, maana saa hizo hubadilika. Na njia rahisi kuliko zote ni kujipanga nyuma ya mabasi ya asubuhi ya kutoka Mombasa yakipita Malindi.

Mjomba_Maweni
Nimezungumza na dada yangu. Bibi na wanawake wanatoka saa moja, shemeji ataendesha Noah. Kliniki wamesema dawa ameze akifika. Mimi na kijana tutakuwa mlangoni mwa ofisi saa mbili. Kikitoka kisitoke, saa nne tuko kwenye Proboksi ya jirani. Abstrakti ninayo, cheti cha kuzaliwa kinatafutwa sandukuni kwa mama yake. Habari ya wakili nimemdokeza baba wa msichana, kanyamaza tu, sijui maana yake nini.

Chumvi_ya_Kurawa
Proboksi imetoka wapi tena? 😂 Haya, kama ni kweli nipigieni mkifika Kurawa, mimi niko barabarani pale. Nataka nimwone huyo bwana harusi kwa macho.

Mjomba_Maweni
Tutapita kama saa tano na robo. Hatusimami.

Kijana_wa_Gongoni
Saa nne mpaka Kurawa saa tano na robo? Si nimesema mnatishana bure.