Tupeane uzoefu: video mpya ina saa 24, unailinganishaje na video zako za kawaida?

Korosho_Ghafi (Masasi): Wakuu, leo mchana nimeona kijana kwenye kundi letu anataka kufuta video yenye masaa manne tu kwa sababu YouTube Studio imemwandikia "Ranking by views 9 of 10". Nikakumbuka tunavyohangaika wengi na hizi namba. Wenye chaneli huku Kusini, iwe ya kilimo, ngoma au mapishi, tuelezane: siku ya kwanza mnaipimaje, na mnailinganisha na nini hasa?

Feri_Mikindani: Naangalia grafu ya siku. Nguzo ya kwanza ya video mpya naiweka pembeni ya nguzo ya kwanza ya video iliyopita. Rahisi, na hailali njaa mtu.

Bi_Newala: Kaka Feri, hapo ndipo unapojipunja. Siku ya kwenye grafu haianzi saa sita usiku ya Mtwara. Inafuata saa za Pasifiki, kule Kalifonia. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, siku yao mpya inaanza kwetu saa 4 asubuhi, na miezi mingine saa 5 asubuhi. Chukua mwezi wa saba. Video uliyopandisha saa 3 asubuhi, nguzo yake ya kwanza ina saa moja tu ndani yake. Ya saa 2 usiku ina saa 14. Ya saa 5 asubuhi ina saa 23. Ukiziweka nguzo hizo tatu bega kwa bega unalinganisha urefu wa muda, hulinganishi video.

Feri_Mikindani: Duh. Ndiyo maana za asubuhi zote zinaonekana zimekufa.

Ndanda_Digitali: +1 kwa Bi Newala. Ingia kwa kompyuta, fungua Analytics, halafu "Advanced mode". Kwenye kulinganisha kuna chaguo la saa 24 za kwanza za kila video. Pale saa zinahesabiwa tangu dakika uliyoachia video, kwa hiyo kila moja inapewa muda sawa.

Shangani_Boy: Mimi nina wafuasi 1,000 lakini masaa 4,000 hayajatimia, na jirani yangu hapa Ligula kila video anapata 10,000 siku ya kwanza. Mimi 300. Tatizo ni nini?

Bi_Newala: Mdogo wangu, swali lako ni jingine. Hapa tunalinganisha video yako na video zako. Kipimo cha jirani hakikuhusu. Kama kawaida yako ni 300, basi 360 ni habari njema hata jirani akiwa na milioni.

Mzee_wa_Salfa (Tandahimba): Niongeze jambo la yule kijana wa kufuta, kwa sababu kuna chaneli moja ya kilimo ninayoihudumia ilishafuta kweli, na hasara yake ikaonekana wazi.

Video ilikuwa ya kupulizia salfa kuzuia ubwiriubwiri. Ikaachiwa saa 3 asubuhi. Video tisa zilizotangulia zote ziliachiwa saa 2 usiku. Kufika saa 6 mchana Studio ikaandika 10 of 10, wakafuta na kuipandisha upya jioni.

Sasa angalieni kilichotokea. Ile nafasi ya 10 of 10 inalinganisha umri sawa: saa tatu za video mpya kwa saa tatu za kila video ya nyuma. Hapo Studio haijakosea. Lakini saa tatu za nyuma zilikuwa kuanzia saa 2 hadi saa 5 usiku, watu wamekaa, bando lipo. Saa tatu za mpya zilikuwa saa 3 hadi saa 6, mkulima yupo mikorosho na simu iko mfukoni. Ingefika saa 24, kila video ingekuwa imepita jioni moja na asubuhi moja, ndipo ulinganisho ungekuwa wa haki. Walipoipandisha upya ikawa video mpya kabisa. Watazamaji wa mwanzo, maoni, na kiungo kilichokwisha kusambaa kwenye makundi ya AMCOS vikaenda na ile ya kwanza. Waliobonyeza kiungo cha zamani wakakuta video haipo.

Kilwa_Kivinje: Ile ya kiungo kufa imeniuma sana.

Ndanda_Digitali: Watu wasifute! Badili picha ya jalada au kichwa, kiungo kinabaki kilekile.

Feri_Mikindani: Au achia kila video saa ileile, ugomvi uishe.

Mzee_wa_Salfa: Hiyo ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote, Feri.

Kilwa_Kivinje: Na hiyo "kawaida" mnaipataje? Mimi najumlisha kumi za mwisho nagawa kwa kumi.

Bi_Newala: Wastani utakudanganya. Hizi ni namba za saa 24 za chaneli moja ya hapa Newala: 410, 380, 455, 390, 2,900, 420, 360, 440, 405, 430. Ile 2,900 ni ya mnada wa kwanza wa korosho, kila mtu alitaka kujua bei. Ukigawa unapata 659. Video mpya imepata 520, utasema imeshindwa. Sasa zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue katikati ya ya tano na ya sita: 410 na 420, yaani 415. Hiyo 520 imezipita tisa kati ya kumi.

Kilwa_Kivinje: Lakini 2,900 ni watu wa kweli! Huwezi kuwafuta kwa sababu wamekuharibia hesabu.

Bi_Newala: Sijawafuta, wamo kwenye orodha. Nimekataa tu video moja ipandishe kipimo cha nyingine zote. Ukitaka kuitumia 2,900, ilinganishe na video za mnada wa kwanza wa misimu iliyopita.

Kilwa_Kivinje: Hapo bado hatujakubaliana. Msimu ukianza Oktoba, kila wiki ni mnada. "Kawaida" ya mwezi wa tano itanifaa nini?

Mzee_wa_Salfa: Kilwa ana hoja. Na mwezi wa tano wenyewe una mambo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikasuasua nchi nzima. Video ya siku zile ukiiweka kwenye kumi zako, umeweka hitilafu ya mtandao kwenye kipimo cha kazi.

Ndanda_Digitali: Bi Newala, hiyo 520 ilitoka wapi? Ulifungua vyanzo vya watazamaji?

Bi_Newala: Nilifungua. 210 zimetoka "External", karibu zote WhatsApp. Kwa kawaida chanzo hicho huleta kama 60.

Ndanda_Digitali: Basi ondoa pande zote mbili. Mpya inabaki 310, kawaida inabaki 355. Ndani ya YouTube kwenyewe imefanya chini kidogo ya kawaida, makundi ndiyo yameibeba. Na anayetokea WhatsApp hahesabiwi kwenye "Impressions", kwa hiyo usishangae watazamaji wakipanda na namba hiyo ikalala palepale.

Bi_Newala: Hilo sikuliwaza. Ila tofauti ya 45 kwa chaneli ndogo hivi, mimi siiti anguko. Kati ya 360 na 455 ndimo zinamocheza siku zote.

Ndanda_Digitali: Sawa, lakini video tatu mfululizo zikifanya hivyo nitaanza kuitazama picha ya jalada.

Shangani_Boy: Na zile fupi za wima? Nazo naziweka kwenye kumi?

Mzee_wa_Salfa: Zitenge. Tangu 31 Machi 2025 fupi inahesabiwa kila inapoanza kucheza, hata mtu akiipita hapohapo. Ukizichanganya na ndefu, kipimo chako kimekwisha. Na fupi za kabla ya tarehe hiyo usizilinganishe na za baada yake, ila kwa "Engaged views", ambayo ndiyo hesabu ya zamani.

Korosho_Ghafi: Yule kijana amenijibu. Hajafuta. Aliachia saa 4 asubuhi, zake zote za nyuma ni za usiku. Nimemwambia asiifungue Studio mpaka kesho saa 4, halafu alete namba hapa.