Mshahara unachelewa kila mwezi: barua, ofisi ya kazi, au kuacha kazi?

Karani wa Ghala (mleta mada)

Ndugu wachangiaji, naomba tulinganishe njia tatu ambazo nimekuwa nikizifikiria kwa wiki kadhaa sasa. Mkataba wangu unasema kwamba mshahara utalipwa ifikapo siku ya mwisho ya kila mwezi. Katika miezi mitano iliyopita umechelewa siku 4, kisha 9, kisha 7, kisha 16, na safari hii siku 23. Fedha huja zote, ingawa mara ya nne zilikuja vipande viwili, nusu siku ya 8 na nusu siku ya 16. Kila mara meneja hutueleza kwa mdomo kwamba wateja hawajalipa, nasi hunyamaza na kuendelea na kazi. Rejesho la mkopo wangu benki hukatwa tarehe 2, kwa hiyo nimetozwa faini mara tano.

Njia ya kwanza ni kumwandikia mwajiri barua. Ya pili ni kupeleka malalamiko ofisi ya kazi. Ya tatu ni kuacha kazi na kudai fidia. Ipi itangulie, na kila moja ina hasara gani?

Mtetezi

Mleta mada, umesahau njia ya nne, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mkataba wa ajira una pande mbili: wewe unatoa kazi, yeye anatoa ujira. Upande mmoja ukivunja ahadi, mwingine halazimiki kutimiza yake. Kaa nyumbani mpaka mshahara uingie, na utaona wiki hiyo hiyo fedha zinapatikana.

Mzee wa Mashauri

Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa miaka mingi na nimekaa katika vikao vingi vya usuluhishi, kwa hiyo naomba nimjibu kwanza ndugu Mtetezi, maana ushauri wake una ukweli nusu, na nusu iliyobaki inaweza kumfukuzisha mtu kazi. Pale ambapo sheria inamruhusu mfanyakazi kusimamisha kazi kwa sababu ya mshahara, haki hiyo kwa kawaida huhusu mshahara ambao siku yake imefika na bado haujalipwa, tena baada ya mwajiri kupewa taarifa ya maandishi. Mleta mada ameshalipwa, ingawa siku ya 23. Akikaa nyumbani kesho, atakuwa anagoma kwa ajili ya mshahara ambao siku yake haijafika, na mwajiri ataandika neno moja tu katika faili lake: utoro. Wakigoma wengi kwa pamoja, hapo zinaingia taratibu za mgomo, ambazo zina masharti yake.

Sasa nirudi kwenye swali. Barua itangulie, kwa sababu bila barua njia zako nyingine mbili hazina miguu. Mfanyakazi anayepokea mshahara uliochelewa kwa miezi mitano bila kusema neno anampa mwajiri hoja nzuri sana, kwamba tarehe ya malipo ilibadilishwa kwa maelewano ya pande zote na utaratibu mpya ukazoeleka.

Kabla ya kuandika, chukua taarifa yako ya benki na uorodheshe kila mwezi: siku iliyotakiwa na mkataba, siku fedha zilipoingia, kiasi kilichoingia, na kama zilikuja vipande, kila kipande na siku yake. Eleza pia kila malipo ni ya mwezi gani, kwa kuwa benki huonyesha siku ya kuingia tu, na baadaye mwajiri anaweza kudai kwamba fedha za siku ya 23 zilikuwa za mwezi unaofuata. Usitegemee karatasi ya mshahara peke yake. Nimeona karatasi zilizoandikwa siku ya mwisho ya mwezi wakati fedha ziliingia wiki mbili baadaye, na mbaya zaidi, orodha ya malipo ambayo wafanyakazi walitia saini ya kukiri kupokea kabla hawajapokea kitu. Ukiletewa orodha kama hiyo, andika kando ya saini yako tarehe ya siku hiyo na maneno "fedha bado hazijaingia".

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja. Taja kifungu cha mkataba, weka orodha ya tarehe, omba malipo yafanyike siku iliyoandikwa, na umpe mwajiri siku ya kukujibu. Kisha ongeza sentensi hii, au inayofanana nayo: "Ninapokea malipo yaliyochelewa bila kukubali kwamba siku ya malipo iliyo katika mkataba wangu imebadilishwa." Peleka nakala mbili na urudi na moja iliyogongwa mhuri wa mapokezi.

Mwalimu wa Jioni

Yaliyonipata mimi yanathibitisha maneno ya Mzee. Nilicheleweshewa mshahara kwa miezi minane, na siku moja nilichoka nikaandika barua ya kujiuzulu ya mistari mitatu. Kwa kuwa sikutaka ugomvi na watu niliofanya nao kazi, niliandika kwamba naondoka "kwa sababu binafsi". Baadaye nilifungua shauri nikieleza kwamba ucheleweshaji ndio ulionilazimisha kuondoka, kwa hiyo nihesabiwe kuwa niliachishwa kazi. Mwamuzi aliniuliza mambo mawili tu: je, niliwahi kulalamika kwa maandishi, na kwa nini barua yangu ilitaja sababu nyingine? Sikuwa na jibu kwa lolote kati ya hayo. Nililipwa mshahara wa mwezi wa mwisho uliokuwa haujalipwa, lakini fidia ya kuachishwa kazi sikupata. Bado inaniuma, kwa sababu kila nilichokisema kilikuwa kweli.

Fundi Huru

Mimi pia wateja wangu hunilipa baada ya miezi miwili au mitatu. Nimeanza kudai nusu ya malipo kabla ya kuanza kazi, na hali imekuwa nzuri. Kwa nini mleta mada asimwombe mwajiri wake malipo ya awali?

Mzee wa Mashauri

Ndugu Fundi, hali yako ni ya mtu anayeuza huduma kwa mkataba wa biashara, na masharti mnapanga wenyewe. Mwajiriwa yuko chini ya sheria ya kazi. Pia akiomba malipo ya awali, yatahesabiwa kuwa mkopo utakaokatwa katika mshahara ule ule unaochelewa.

Mhasibu Mstaafu

Naona jambo moja halijaguswa, nalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kasi ya hatua zote. Je, mwajiri huyu hataki kulipa kwa wakati, au hawezi? Asiyetaka huchelewa kwa mtindo usiobadilika, mara nyingi siku zile zile 5 au 10 kila mwezi, kwa sababu anatumia mishahara yenu kama mtaji wa bure wa wiki moja. Barua kali humrekebisha huyo. Asiyeweza huonyesha mwendo kama wa mleta mada: siku zinaongezeka, kisha malipo yanaanza kugawanywa.

Dada, au kaka, sijui nikuite vipi, fanya hivi wiki hii: omba taarifa ya michango yako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Nimeandaa mishahara kwa muda mrefu, na najua kwamba fedha zinapopungua, michango ndiyo ya kwanza kuachwa, maana mfanyakazi haioni. Karatasi ya mshahara itaonyesha kwamba imekatwa, ilhali haijawasilishwa. Ukikuta mapengo, usisubiri mwezi mwingine.

Msifarijike sana na habari kwamba mfanyakazi hulipwa kwanza mwajiri akifilisika. Ni kweli Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949 unataka mshahara ulipwe kwa vipindi vya kawaida, na unawapa wafanyakazi kipaumbele katika ufilisi. Lakini utekelezaji hutegemea sheria ya kila nchi, kipaumbele hicho mara nyingi kina kikomo, na benki iliyoshika majengo na magari kama dhamana inaweza kuwa mbele yenu. Kipaumbele juu ya sanduku tupu hakimlipi mtu.

Msimamizi wa Zamu

Naheshimu maoni ya waliotangulia, lakini siungi mkono barua ya mtu mmoja. Mahali nilipofanya kazi, aliyeandika peke yake alihamishiwa zamu ya usiku mwezi huo huo. Andikeni kwa pamoja, kupitia chama cha wafanyakazi kama kipo, ili asipatikane wa kunyooshewa kidole.

Mzee wa Mashauri

Barua ya pamoja ni kinga nzuri, ila kila mmoja aambatishe orodha yake ya tarehe na viasi, kwa sababu madai huthibitishwa kwa mtu mmoja mmoja. Hatari yake ni kusubiriana. Nimeona barua za pamoja zilizokaa miezi miwili zikingoja saini ya mwisho.

Kuhusu ofisi ya kazi, kuna mtego ambao wengi hawauoni. Unapeleka malalamiko ukiwa unadai mshahara, kikao kinapangwa, na siku mbili kabla ya kikao fedha zinaingia. Mwajiri anafika na kusema hakuna deni, na faili linafungwa. Mwezi unaofuata mnaanza upya. Kwa hiyo andika tangu mwanzo kwamba unacholalamikia ni ucheleweshaji unaojirudia, na omba makubaliano ya maandishi kuhusu siku ya malipo, yatiwe saini mbele ya afisa. Akiyavunja, utakuwa na ukiukaji wa makubaliano yaliyoandikwa, na hata ukiamua kuacha kazi, shauri lako litakuwa na uzito ambao Mwalimu wa Jioni hakuupata. Uliza pia mapema muda wa mwisho wa kufungua shauri, kwani ule wa kulalamikia kuachishwa kazi mara nyingi ni mfupi kuliko wa kudai malimbikizo ya mshahara.

Mtetezi

Nakubali kuhusu utoro. Hata hivyo, siamini kwamba mtu anayecheleweshewa siku 23 ana muda wa barua na vikao vyote hivyo.

Karani wa Ghala (mleta mada)

Nawashukuru, na Mhasibu, mimi ni dada. Juzi nilipeleka barua na nakala yangu imegongwa mhuri. Wenzangu wanne waliahidi kutia saini, wawili wakatia. Jana nilipata taarifa ya michango: miezi mitatu ya mwisho haipo, ingawa karatasi zangu zote tatu zinaonyesha makato. Nimeamua kutosubiri siku 14 nilizompa mwajiri. Nitakwenda ofisi ya kazi Jumatatu nikiwa na mambo yote mawili. Swali lililobaki ni faini za mkopo: je, naweza kuzidai?

Mzee wa Mashauri

Ambatisha taarifa za benki za faini zote tano, kila moja kando ya mshahara uliochelewa mwezi huo. Nimeona mwamuzi mmoja akizikubali, na mwingine akizikataa kwa hoja kwamba mwajiri hakujua kuna mkopo. Kwa hiyo, kama barua yako ya juzi haikutaja mkopo, andika nyingine fupi kesho umjulishe kwamba rejesho hukatwa tarehe 2, ili ikitokea faini ya sita asiweze kutumia hoja hiyo.