Tupeane uzoefu: barua kwa mhariri unapowasilisha tena makala iliyopangwa upya

Binti wa Jambiani: Assalamu alaikum, ndugu zangu. Jarida moja limenirudishia makala yangu kuhusu kilimo cha mwani, likitaka nitenganishe matokeo na mjadala, kisha niiwasilishe upya. Mswada uko tayari. Imebaki barua ya kumwendea mhariri. Waliopitia hapo walizielezaje sehemu walizozihamisha?

Mwalimu wa Wete: Waalaikumu salamu, dada. Mimi niliyanakili maoni yote ya wahakiki ndani ya barua, na chini ya kila oni nikaandika jibu, ili mhariri apate kila kitu mahali pamoja. Makala ilikubaliwa.

Mzee wa Maabara: Njia ya Mwalimu inafaa pale ambapo jarida halina faili la peke yake la majibu. Likiwapo, barua isizidi ukurasa mmoja. Anza na namba ya mswada wa awali, hasa ikiwa mfumo umekupa namba mpya, kisha upambanue kilichohamishwa tu, kilichoandikwa upya na kilichoongezwa. Mimi niliandika hivi:

«Sehemu ya 3 ya awali, "Matokeo na Mjadala", imegawanywa. Sehemu ya 3 sasa ina matokeo pekee: joto la maji, uzito wa mwani na dalili za ugonjwa. Hoja kwamba joto linaidhoofisha aina ya mwani ya kotonii kuliko ya spinosamu imehamia 4.2, na tumeilegeza, kwa kuwa vipimo vyetu vinaonesha uhusiano na si chanzo. Jedwali la 2 limeondolewa kwa sababu lilirudia yaliyomo katika Kielelezo cha 3. Data na uchanganuzi havikubadilika.»

Sentensi hiyo ya mwisho naithamini sana, maana mhariri akiona sehemu zimehama, jambo la kwanza atakalojiuliza ni kama na hesabu nazo zimeguswa. Ikiwa zimeguswa, liseme hilo mwanzoni kabisa. Tena, namba za mistari ziandike mwisho, ukitaja kwamba ni za nakala safi, kwani katika nakala yenye alama za marekebisho mistari husogea na mhakiki hatakiona ulichomwelekeza.

Mwanafunzi Tunguu: Samahanini wakubwa zangu, yangu ilikataliwa kabisa na naipeleka jarida jingine. Nayo niyaeleze mabadiliko haya?

Mzee wa Maabara: Hapana, mwanangu. Mhariri huyo hajauona mswada wa awali, kwa hiyo orodha ya mabadiliko haitamfaa. Mwandikie barua ya kawaida, isipokuwa kama jarida lenyewe linauliza historia ya makala.

Binti wa Jambiani: Shukrani, mzee wangu. Mhakiki mmoja alitaka pia maelezo ya vijiji yaende kiambatishoni, nami nimeyaacha katika Mbinu, kwa sababu bila kina cha maji na aina ya mchanga msomaji hawezi kuvilinganisha. Nilitaje hilo katika barua?

Mwalimu wa Wete: Libaki katika majibu ya wahakiki, dada. Barua isianze na ubishi.

Mzee wa Maabara: Hapo mimi na Mwalimu tunatofautiana. Ombi la muundo likikataliwa, mhariri alijue kutoka kwako, kwa sentensi moja yenye sababu, kabla hajalisikia kwa mhakiki.