USDT imezuiwa, wanauliza chanzo cha fedha

Habari wakuu, naomba ushauri. Juzi nilituma USDT 1,850 kutoka akaunti yangu kwenye soko la kripto kwenda pochi mpya. Muamala ukazuiwa na akaunti ikafungwa. Watu wa soko hilo wanataka ushahidi wa chanzo cha fedha. Nilituma picha ya salio, wakaikataa, na kweli salio halisemi hela ilitoka wapi. Sasa naunganisha mnyororo mzima: hati ya mshahara, taarifa ya benki ya PDF, taarifa ya M-Pesa, kisha namba za oda za P2P nilizonunulia USDT hizo, tarehe na kiasi vikilingana. Kinachonikwamisha ni oda moja ya USDT 400: shemeji alinilipia kwa laini yake, jina si langu.

Je, barua yake na taarifa yake ya M-Pesa vitatosha? Na oda hiyo niitaje mwenyewe au nisubiri waulize?