Mtu anabadilisha namba kwenye chati usiku halafu MIMI ndo sijui kuhesabu!!

Bahari_Chafu (mleta uzi)

Wakuu leo sina salamu ndefu, nina hasira mpaka chai imenipalia. Yule mwalimu wa mawimbi ya bei mnamjua, msinilazimishe nimtaje, yule ambaye chati zake zina mistari mingi kuliko waya za umeme Manzese. Leo alfajiri, tarehe 5 Desemba 2024, Bitcoin imepita dola laki moja, sawa, tumeona wote. Yeye kafanya nini? Kafukua chati yake ya Novemba 2021 kaitupia kwenye grupu na maneno "niliwaambia laki moja, wenye masikio walisikia". Nikauliza kwa adabu kabisa, mwalimu, si tulinunua kwa 66,000 halafu ikashuka mpaka 15,500? Ananijibu mbele ya grupu zima: "Wewe tatizo lako hujui kuhesabu."

Hujui kuhesabu! Mimi niliyehesabu hela ya kiwanja ikiyeyuka mwaka mzima siku kwa siku, sijui kuhesabu!

Kwa wasiofuatilia. Anahesabu mawimbi matano ya bei, na alianzia kwenye bei ya chini kabisa ya Desemba 2018, kama 3,200. Wimbi la kwanza likapanda mpaka 13,800 mwezi wa sita 2019. La pili likashuka mpaka 3,800 na kitu Machi 2020, wakati wa korona. La tatu likafika 64,800 Aprili 2021, la nne likarudi 28,800 mwezi wa sita. Kwa hiyo Novemba iko 66,000 anatuambia la nne lishaisha, hili ni la tano, linaenda laki moja, asiyenunua asije kulia. Nikanunua. Tarehe 10 ikagusa 69,000 nikaona nimetoboa maisha.

Mei 2022 ikapasua 28,800 kwenda chini. Usiku ule ule, narudia, USIKU ULE ULE, chati ya zamani imefutwa imekuja mpya: eti la nne bado linaendelea, na ile 69,000 haikuwa wimbi la tano, ilikuwa "B", yaani kupanda kwa muda tu ndani ya la nne. Herufi B! Nimelala na namba nimeamka na herufi. Hakuna samahani, hakuna nilikosea, kimya. Novemba 2022 nikauza kwa 16,000 na kitu maana nilikuwa nadaiwa ada. Na leo huyo huyo anatoa ile chati aliyoifuta, kumbe alikuwa nayo, na ananiambia mimi hujui kuhesabu.

Kandambili_Moja

Subiri mkuu, uliuza Novemba 2022? Mwezi wenyewe wa chini kabisa? 😂😂 Kumbe ni wewe! Soko lilikuwa linakusubiri utoke ndo lipande.

Mtiifu_wa_Chati

Mleta uzi acha kumchafua mwalimu. Mawimbi ya Elliott yana sheria. La pili halivuki mwanzo wa la kwanza, la tatu haliwi fupi kuliko la kwanza na la tano, la nne haliingii eneo la la kwanza. Hesabu yake haijavunja hata moja na laki moja imefika. Unataka nini tena?

Fundi_Saa

@Mtiifu_wa_Chati ni kweli haijavunja hata moja, na hapo ndo penye ugonjwa. Kilele cha wimbi la kwanza ni 13,800. Bei ilishuka mpaka 15,500 na haikugusa 13,800, kwa hiyo kwa sheria zako wimbi la nne bado ni halali. Sasa rudi Novemba 2021 umekaa na mleta uzi, kanunua 66,000. Mahali pekee ambapo hesabu kubwa inakubali kwamba imekosea ni chini ya 13,800. Yaani mpaka apoteze kama dola 79 katika kila 100 ndo mwalimu aseme pole. Nani anakata hasara hapo? Hesabu inayoweza kukubeba mpaka hapo bila kukosea haijakwambia kitu kuhusu kununua kwako.

Na siku ile ile chati ile ile ilikubali majina matatu. Moja, 69,000 iko njiani kwenye la tano, nunua. Mbili, 69,000 ndo mwisho wa la tano, uza kila kitu. Tatu, 69,000 ni B, inarudi chini ya 28,800 halafu ndo la tano lije. Zote tatu zimetii sheria, na mbili kati ya hizo zilikuwa zinakwambia ukimbie. Ukiniuliza ipi sahihi kwa siku ile siwezi kukujibu, na aliyekujibu kwa uhakika alikuwa anabahatisha. Mimi nawaambia watu, anayehesabu aandike kabla: hesabu yangu ni hii, ikifika bei hii imekufa, na chati isifutwe. Wengi wanagoma hapo hapo.

Bahari_Chafu

@Fundi_Saa Mungu akubariki. Mimi nilikuwa na hasira tu sikujua kueleza. 5 imegeuka B wakuu! B!!

Logi_Kila_Siku

Mnamlaumu mwalimu bure, kosa ni kuchora kwenye chati ya kawaida. Bitcoin imetoka dola chache mpaka maelfu, lazima utumie skeli ya logi. Ukiweka logi mawimbi yanajipanga yenyewe, ubishi unaisha.

Fundi_Saa

Logi ni sawa kwa kuona ukubwa wa mawimbi na kuchora njia zake, hapo nakuunga mkono. Lakini 15,500 ni juu ya 13,800 kwenye logi na kwenye kawaida, sheria ya la nne haibadiliki. Ubishi wa B au 5 unabaki pale pale. Mwaka jana niliwapa jamaa zangu watatu chati moja nimeficha tarehe, kila mmoja na simu yake, wasionane. Zilirudi hesabu tatu. Wote wanatumia logi.

Logi_Kila_Siku

Labda hao jamaa zako hawajasoma vizuri.

Bahari_Chafu

Haya ndo maneno yake yeye! Akikosea yeye, wewe ndo hujasoma. Akipatia, kapatia yeye. Hujui kuhesabu!

Dada_Mpole

Samahani mimi mgeni, kwa hiyo ninunue sasa hivi kwenye laki moja au nisubiri ishuke? Nina milioni mbili ya kikoba.

Kandambili_Moja

Dada muulize mleta uzi atauza lini, siku hiyo hiyo nunua.

Fundi_Saa

Dada hela ya kikoba ni ya wenzako, iache kikobani.

Msee_wa_Naks

Buda hii stori ni kama ya yule jamaa wetu huku wa mikeka ya mpira, pia sitamtaja. Jumamosi anapost mkeka wa timu nane, ikichomeka anadelete, ikiingia anapin mwezi mzima. Mimi ningekosa kumlipa vipi ilhali kila kitu kwa ukurasa ni kijani? Wiki iliyopita timu saba zimeingia, moja imekosa dakika ya 93, ananiambia "si nilikuambia uiondoe hiyo". Hakuniambia!!

Kandambili_Moja

Dakika ya 93 inauma kuliko kiwanja aisee. Timu gani?

Mtiifu_wa_Chati

Ya 93 bado nafuu, mimi juzi ni penalti ya dakika ya 98 ya VAR.

Bahari_Chafu

Jamani tunazungumzia B.

Msee_wa_Naks

98 hiyo ni wizi. Weka skrinishoti ya mkeka tuone.